Kumi au Tisa

Nikifeli tena jaribio la takwimu, nafukuzwa masomo ya jioni. Kutafuta varianzi, kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika, slaidi za mwalimu zilimalizia kwa kugawanya kwa idadi yote. Kitabu kilipunguza moja kwenye idadi hiyo kwanza. Nilisali, nikasoma upya, nikaandika notsi moja: kundi zima, gawanya kwa idadi yote; sampuli, yaani sehemu tu ya kundi, punguza moja.

"Bi Mkubwa, umewasuluhisha mahasimu!" jirani yangu wa dawati alitania, akionyesha kitabu na slaidi.

Karatasi ikaja: alama za wanafunzi kumi, tafuta varianzi, jibu moja tu. Haikusema kama ni kundi zima au sampuli.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hawa kumi ndio wote?"

"Mama, soma swali."

Nililisoma mara nne. Karatasi zilikusanywa nikiwa bado namuuliza Mungu: nigawanye kwa kumi au tisa?