Mkojo Haujatoka

Daktari Inas, mhadhiri kijana, alikuwa mwoga, na tusimfiche. Aliogopa lifti, aliogopa mbwa wa mtaani, na kuliko vyote alimwogopa Profesa Wagdi, mkuu wa mitihani katika kitivo cha udaktari pale Mansoura. Kwa hiyo asubuhi walipoketi wawili kwenye maabara ya mafunzo kuandaa kituo cha mpira wa mkojo, viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho kabla hata hajafungua karatasi.

Mtihani wenyewe ni wa vitendo, unaitwa OSCE. Wanafunzi wanazunguka kituo hadi kituo, kengele ikilia wanahama, na kila kituo kina mtahini mwenye orodha ya alama mkononi. Mtahini huyo hafundishi, hasaidii, hata kukohoa kwa maana haruhusiwi. Kazi yake kutazama na kutia vema. Kwenye kituo cha Inas mezani palilala sanamu la mpira, mwanamume kuanzia kiunoni hadi mapajani, na mwanafunzi alitakiwa amwekee mpira wa mkojo kama vile ni mgonjwa aliyezibwa mkojo.

"Haya, soma tusikie," alisema profesa, akikoroga chai yake kwenye glasi.

Inas akasoma. Anajitambulisha na kuhakikisha jina la mgonjwa. Anaeleza atakachofanya na kuomba ridhaa. Ananawa, anavaa glavu tasa, anasafisha, anatandaza kitambaa. Anatia jeli ya ganzi na kuipa muda ifanye kazi. Anaingiza mpira taratibu, bila kulazimisha, mpaka pale unapogawanyika njia mbili, karibu wote uwe ndani. Anasema mkojo umetoka. Anajaza puto dogo la kwenye ncha yake kwa maji tasa huku akimtazama mgonjwa usoni. Anauvuta kidogo mpaka ushike, anaunga mfuko.

"Safi. Ni ileile ya mwaka jana. Tupige chapa."

"Profesa, nilikuwa nafikiri... mwaka huu tutie maji kwenye kibofu cha sanamu. Mwanafunzi auone mkojo wenyewe, asiseme tu kwamba umetoka."

"Maji!" Profesa akaweka kijiko chini. "Binti, unataka tuoge? Mwaka juzi lilivuja, karatasi za watahini zikaloa chapa, kituo kikachelewa, na aliyeitwa kwa mkuu wa kitivo kujieleza ni mimi, si wewe. Anasema umetoka, unampa alama yake, kengele inalia, tunakwenda. Au umeoteshwa mtaala mpya?"

Inas akacheka, kile kicheko cha mtu anayetaka kulia. Maombi yake ya kupandishwa cheo yalikuwa mezani kwa mtu huyuhuyu.

"Sawa, profesa," alisema.

Sawa gani sasa! Alijua fika puto lile ni la nini. Linakaa ndani ya kibofu, linazuia mpira usichomoke. Likijazwa mpira ungali njiani, linapasua njia ya mkojo, na mtu anatoka damu, na pengine hakojoi tena sawasawa maisha yake yote. Ushahidi kwamba umefika ni mkojo kuonekana. Alijua yote hayo, na bado akasema sawa, kwa sababu ya woga tu.

Chai ya profesa haijaisha, simu ya Inas ikaita. Alikuwa kaka yake, Raafat.

"Inas, njoo dharura, hapa hospitali ya chuo. Baba hajakojoa tangu jana. Tumbo limevimba, analia. Inas, baba analia!"

Alivuka barabara bila kutazama magari. Alimkuta Hajj Bahgat, baba yake, mwalimu mstaafu aliyekuwa akinyamazisha darasa kwa kuinua nyusi tu, amejikunja kitandani uso umekuwa wa majivu.

"Mwanangu," alisema akimshika mkono, "waambie hawa kama ni mimba basi wanizalishe haraka."

Inas akataka kucheka, akashindwa. Tumbo chini ya kitovu lilikuwa gumu, limeinuka. Pazia likavutwa, akaingia kijana mwenye koti jeupe na sinia la vifaa.

"Daktari Inas! Ni mzee wako huyu? Ondoa shaka kabisa."

Alikuwa Karam, daktari wa mwaka wa mazoezi. Mwaka jana tu alipita kituo cha Inas na kuondoka na alama zote. Inas mwenyewe ndiye aliyemtia vema, moja baada ya nyingine.

"Uko kwenye mikono salama, baba," alimnong'oneza mzee, na moyo wake ukatulia kidogo.

Kisha akafanya ambacho binti yeyote wa kwao angekifanya. Akasogea kichwani kwa baba yake, akamshika mkono, akageuza uso ukutani. Uchi wa baba haukuwa wa kutazamwa na yeye, awe daktari au asiwe daktari. Akabaki na masikio tu.

Na masikio yalisikia kazi nzuri. "Hajj, mimi ni Daktari Karam. Jina lako kamili? Nitakuwekea mpira mwembamba, uniruhusu." Maji ya bomba, glavu zikivutwa. "Utasikia baridi. Hii ni jeli ya ganzi, tuipe muda." Wakaipa muda. "Vuta pumzi ndefu, Hajj. Sasa naingiza." Mzee akaguna, akaukaza mkono wa bintiye. Inas ukutani alikuwa anahesabu alama bila kujijua. Hii kapata. Hii kapata.

"Mkojo umetoka," alisema Karam.

Hii kapa...

Inas akaganda. Palikuwa kimya mno. Alikuwa amesikia bakuli la chuma likiwekwa katikati ya mapaja ya mzee, na kibofu kilichojaa tangu jana hakitoki kimyakimya, kinapiga bakuli kelele chumba kizima kisikie. Hakusikia hata tone. Huenda nimekosea, alijiambia. Huenda kaweka pamba bakulini. Nikigeuka nitamwona baba, nitamfedhehesha mbele ya kijana, na baba hatanisamehe.

Baba yake akaguna tena.

Akageuka.

Bakuli lilikuwa kavu. Mpira ulikuwa nusu yake nje. Na Karam alikuwa ameshachomeka bomba la sindano lenye maji ya puto, kidole gumba juu yake, kinaanza kukaza.

"Acha! Karam, acha! Toa mkono! Usijaze!"

Kijana akaruka. Bomba likaanguka sakafuni. Nyuma ya pazia mtu akauliza kuna nini, na Raafat akapenyeza kichwa. "Mmemfanya nini baba?"

"Hajafanyiwa kitu," alisema Inas. "Hajafanyiwa kitu bado. Karam, utazame mpira. Tazama bakuli. Mkojo uko wapi?"

Karam akatazama. Rangi ikamtoka.

"Utoe, taratibu. Mwite daktari wa njia ya mkojo. Sasa hivi!"

Daktari yule alikuja na mpira wa ncha iliyopinda, ule unaoweza kuteleza juu ya tezi dume iliyovimba. Safari hii Inas hakugeukia ukutani. Alikodoa macho kwenye bakuli mpaka yakamuuma, na mkojo ulipokipiga kile chuma, akalia kwa sauti kama mtoto.

"Kunitazama umenitazama," alisema Hajj Bahgat, macho kayafumba, uso umelegea kwa raha. "Basi usiniambie ulichokiona."

Ukumbini Karam alikuwa ameegemea ukuta.

"Wallahi sikukusudia, daktari. Mpira ulikwama, nikadhani umefika. Mkono ukifika pale, mdomo unasema wenyewe. Kwenye sanamu ndivyo tulivyofanya. Si unakumbuka? Ulinipa alama zote."

Hakusema kwa kulaumu. Kijana alikuwa anaomba tu aeleweke, na hilo ndilo lililomchoma Inas. Akafikiria darasa zima la mwaka jana, wamesambaa wodi zote za mji huu, kila mmoja na mdomo wake unaosema wenyewe. Woga aliokuwa nao kwa Profesa Wagdi ukaonekana mchezo wa watoto.

Alimkuta profesa palepale maabara.

"Nalifuta neno 'anasema'," alisema kabla hajaketi. Sauti ilikuwa inamtetemeka, akaiacha itetemeke. "Tutatia maji. Tutayafanya yachelewe kutoka, kama mkojo unavyochelewa jeli inapoziba matundu ya mpira, ili mwenye haraka aonekane. Mtahini atatia vema kwa alichokiona, si kwa alichoambiwa. Na atakayejaza puto kabla maji hayajaonekana, ameanguka kituo kizima, hata akipata mengine yote."

"Wee! Tutaangusha nusu ya darasa. Wazazi wao watanila nyama."

"Profesa, mwanafunzi wangu bora wa mwaka jana alikuwa na kidole juu ya bomba la puto saa hii. Mpira ulikuwa umekwama njiani. Ndani ya baba yangu."

Profesa akaisogeza glasi ya chai pembeni.

"Hajj Bahgat? Yukoje?"

"Amekojoa."

"Alhamdulillahi." Akaichukua orodha, akaisoma upya, safari hii polepole. Kisha akairudisha. "Meza zikiloa utazifuta mwenyewe."

"Nitazifuta kwa koti langu."

Wanafunzi wakatangaziwa kwamba sanamu lina maji na anayetaka aje kufanya mazoezi. Walikuja, lakini si wote. Wengine walikuwa wameshakariri orodha waliyoachiwa na kaka zao wa mwaka jana, na walijiona wamemaliza.

Siku ya mtihani Inas aliketi kwenye kiti cha mtahini, na hakuna mwanafunzi aliyeogopa kuliko yeye. Wa kwanza aliingia msichana anayeitwa Dalal, midomo imemkauka. Akajitambulisha kwa sanamu. Akaomba ridhaa. Akanawa, akavaa glavu bila kugusa pasipotakiwa. Inas akatia vema, akatia vema. Mpira ukaingia mpaka kwenye njia mbili.

"Mkojo umetoka," alisema Dalal.

Bakuli lilikuwa kavu.

Msichana akachukua bomba la maji ya puto, akalichomeka. Inas alifungua mdomo akaufunga. Pale dharura alipiga kelele. Hapa hakuwa na ruhusa hata ya kukunja uso. Kidole gumba cha Dalal kikakaa juu ya bomba. Geuka, mwanangu, Inas aliomba moyoni. Tazama. Usinisikilize mimi, wala kaka zako, tazama tu.

Kidole kikasita. Dalal akainamisha kichwa, akautazama mpira, akalitazama bakuli. Shingo ikamwiva kwa aibu. Akalichomoa bomba na kulirudisha kwenye sinia.

"Samahani, daktari," alisema, na sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Nimesema uongo. Haujatoka."

Wakangoja, wote wawili. Kisha maji yakateremka ndani ya mpira, yakaanza kudondoka kwenye chuma.

Inas akatia vema. Kalamu ilikuwa imelowa jasho, ikamteleza, ikabidi atie mara ya pili.