Ukurasa wa Tatu Hauna Kichwa

Mkwe wangu alinitupia karatasi mezani saa mbili kasoro asubuhi, kabla sijavua hata mtandio. Ilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, tundu la msumari likiwa limepanuka pale juu.

"Soma, Mama. Soma ulichokichapa, kisha uniambie hiyo ni dozi ya chupa gani."

Mkwe wangu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mimi ni mpiga chapa wa hospitali hiyo hiyo. Chumba changu kiko nyuma ya stoo ya mashuka; kina kompyuta moja, printa inayokohoa kuliko wagonjwa, na kalenda ya mwaka juzi ambayo siiondoi kwa sababu napenda maua yake. Ameolewa na mwanangu wa pili, wamenipa wajukuu wawili, na kwa miaka tisa hajawahi kunipandishia sauti. Siku ile alinipandishia.

Nikavaa miwani. Ulikuwa ukurasa wa tatu wa Mwongozo wa Dozi za Watoto. Ulianza na namba tupu: 12, 180, 7.5. Chini yake 13, 195, 8.1. Namba zikateremka hivyo hivyo mpaka chini, na mwisho kabisa, kwa wino mzito, maneno pekee yaliyokuwemo kwenye karatasi nzima: DAWA YA HOMA, CHUPA KALI.

"Chupa kali," nikasema.

"Na mimi jana ndivyo nilivyosoma. Mtoto ana kilo kumi na mbili. Nikachukua chupa kali, nikampimia mililita saba na nusu. Saba na nusu ni ya chupa ya kawaida, Mama. Ya kali, iliyo nzito mara mbili, ni tatu nukta sita. Nimempa mtoto wa watu dawa mara mbili."

Nikaiweka karatasi chini. "Yuko wapi?"

"Yuko kitandani, mzima. Daktari amemwangalia tangu jana mchana, anasema hakuna kilichoharibika. Lakini ningempa tena jioni, na kesho, na keshokutwa. Mama yake ndiye aliyeniambia, Sista, mbona leo kikombe kimejaa." Alifuta uso kwa kiganja. "Saa sita naitwa kwa matroni. Mfamasia ameshaandika kwamba mwongozo ni sahihi, muuguzi hakusoma. Wakimwamini, natolewa wodini na jina langu linapelekwa baraza la wauguzi. Miaka kumi na moja ya kazi, inaondoka na kikombe kimoja."

Akageuka kwenda. Mlangoni akasema, bila kuniangalia, "Watoto wako wanakusifia kwamba unajua kompyuta."

Alisema watoto wako, akimaanisha wanawe mwenyewe, wajukuu zangu. Maneno hayo yalinichoma kuliko kelele zote.

Hapa inafaa nieleze jambo la wodi ile, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Mwongozo una kurasa nne, na mimi huubana pembeni kwa pini kama kitabu. Ukifika wodini, wauguzi wanaubandua. Kila karatasi inaingia mfuko wake wa nailoni na kutundikwa kwenye msumari wake, ukutani juu ya meza ya dawa, kwa sababu mikono yao ina maji muda wote na hakuna mwenye nafasi ya kufunua kitabu huku watoto sita wanalia. Kwa hiyo kila ukurasa pale ukutani unaishi peke yake. Hauna jirani wa kumuuliza.

Nikafungua kompyuta, nikatafuta nakala yangu. Nakala yangu ilikuwa safi. Ukurasa wa tatu ulianza na kichwa cha jedwali kama ilivyotakiwa: Uzito, Miligramu, Mililita. Ile Chupa Kali ilikuwa juu ya ukurasa wa nne, imekaa vizuri juu ya jedwali lake. Mwenye nakala nyingine alikuwa mfamasia tu. Damu ikanipanda. Nikaichapa, nikaikunja, nikavuka ua kwa mwendo ambao magoti yangu yalikuwa yamekwisha kuusahau.

Mfamasia ni kijana wa rika la kitinda mimba wangu, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni. Nilimkuta anahesabu chupa.

"Umeufanya nini mwongozo wangu?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeufanya nini?"

"Niliusafisha tu," alisema, akiendelea na chupa zake. "Niliongeza mistari miwili ya watoto wachanga, kilo tatu na nusu na nne na nusu. Baada ya hapo nikaona kichwa cha jedwali kimejirudia katikati ya ukurasa, kimekatiza namba. Nikajua Bibi amejisahau, nikakifuta. Na kulikuwa na mistari mitupu minne kabla ya Chupa Kali, haina kazi. Nikaifuta nayo, nikachapa, nikapeleka wodini."

"Haina kazi."

"Ilikuwa na kazi gani?"

Nikageuka kurudi chumbani kwangu. Kwa sababu nilijua ilikuwa na kazi gani, na jibu lake halikunipendeza.

Mimi nilijifunza kazi hii kwenye taipureta, nikiwa msichana niliyetoka darasa la saba. Kwenye taipureta, jedwali likivuka karatasi, unapiga kichwa chake upya kwa mkono. Na kichwa cha habari kikitaka kubaki chini peke yake, unasukuma karatasi, unakianzia ukurasa mpya. Kompyuta zilipokuja, niliendelea vile vile. Nilinakili kichwa cha jedwali, nikakibandika pale ukurasa wa tatu ulipoanzia, kama mstari wa kawaida kati ya mistari mingine. Chupa Kali niliisukuma kwa kubonyeza Enta mara nne. Kwa macho, kila kitu kilikaa pake. Mfamasia alipoongeza mistari miwili huko juu, vyote vilisogea. Kilo kumi na mbili na kumi na tatu zikavuka na kutangulia kichwa nilichokibandika, kichwa kikaonekana kama uchafu, akakifuta. Mistari mitupu ilipofutwa, Chupa Kali ikapanda hadi chini ya ukurasa wa tatu, ikaliacha jedwali lake ukurasa wa nne.

Na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba nilishaonyeshwa. Mkufunzi aliletwa miaka minne iliyopita, akatuonyesha pa kuweka tiki ili kompyuta ikirudie kichwa yenyewe. Nilimjibu, mbele ya watu, kwamba macho yangu yanatosha.

Saa sita tulikuwa wanne ofisini kwa matroni: yeye nyuma ya meza, mkwe wangu amesimama kama mshtakiwa, mfamasia na kompyuta yake ya mapajani, na mimi ambaye sikuitwa.

"Wewe umekuja kama nani?" matroni aliniuliza. "Mama mkwe?"

"Nimekuja kama mpiga chapa. Na nina kitendawili."

"Sina muda wa vitendawili, mama."

"Ni kifupi. Kofia yangu ni moja, nyumba zangu ni nne, na kila nyumba utakayoniingilia utanikuta nimeivaa."

Hakuna aliyecheka. Mkwe wangu alitazama sakafu kwa aibu yangu. Nikauweka ukurasa wa tatu mbele ya matroni, ndani ya nailoni yake.

"Nisomee dozi ya kilo kumi na mbili."

Matroni akasoma kimya. Nikaona kidole chake kinashuka hadi chini, kwenye maneno pekee yaliyokuwepo, kikasimama. "Chupa kali, saba na nusu," alisema taratibu. Kisha akamtazama mfamasia.

"Kwenye mwongozo kamili inaeleweka," mfamasia alisema. "Ukurasa wa pili una maelezo yote. Ni suala la kusoma."

"Wa pili uko msumari mwingine," mkwe wangu alisema. Akamgeukia mfamasia. "Umewahi kuingia wodini wewe? Hata mara moja?"

"Mimi si mpiga chapa, Sista. Huyo hapo."

"Ni mimi," nikasema. "Nilikifunga kichwa kwa kamba ya mgomba, na wewe ukaikata bila kuuliza imeshika nini. Tusimwachie mzigo aliyepokea karatasi. Sukuma hiyo kompyuta huku."

Hakutaka. Matroni aliinua nyusi, mfamasia akaisukuma.

Nikavaa miwani. Niliweka kielekezi kwenye mstari wa kwanza kabisa wa jedwali, nikafungua sifa za jedwali, upande wa mistari, nikaweka tiki pale panaposema urudie kama kichwa juu ya kila ukurasa. Tiki nyingine, ile inayoruhusu mstari mmoja ukatwe nusu huku nusu kule, nikaiondoa. Halafu nikaenda kwenye Chupa Kali, nikafungua mpangilio wa aya, nikaweka tiki kwenye kukaa pamoja na kinachofuata. Nikaiweka hiyo hiyo kwenye mstari wa kichwa wa jedwali lake, ili jina na kichwa visibaki chini pasipo hata namba moja. Chupa Kali ikaruka yenyewe hadi ukurasa wa nne. Ukurasa wa tatu ukavaa Uzito, Miligramu, Mililita.

"Sasa ongeza mistari kumi," nilimwambia mfamasia. "Watoto wachanga, wazee, yeyote unayemtaka."

Akaongeza, amekunja uso. Namba zikasukumana, zikamwagika ukurasa mwingine. Kila ukurasa uliozaliwa ulizaliwa na kichwa chake.

"Haya, kisafishe. Kifute hicho cha ukurasa wa tatu."

Akabofya juu yake. Akabofya tena. Kielekezi kilikataa kuingia, kwa sababu pale hapakuwa na mstari wa kufuta. Kilikuwa kivuli tu cha kile cha pale jedwali linapoanzia. Alibofya mara ya tatu, kisha akaondoa mkono.

"Dakika ngapi hizo?" matroni aliuliza.

"Mbili."

"Na hukuzifanya mwanzo kwa sababu gani?"

"Kiburi," nikasema.

Matroni aliichukua barua ya mfamasia, akalikata jina la mkwe wangu kwa kalamu nyekundu, akaandika majina mawili mahali pake. La kwanza lilikuwa langu. Akamwambia mkwe wangu, "Rudi wodini. Toa karatasi zilizobaki ukutani sasa hivi." Kwa mfamasia alisema kwamba kuanzia siku ile hagusi mwongozo bila mpiga chapa, na mpiga chapa hatoi mwongozo bila muuguzi kuukagua ukurasa mmoja mmoja, kila mmoja peke yake. Mfamasia alifunga kompyuta kwa kishindo, akatoka bila kuaga.

Mistari ile kumi ilifutwa, nikachapa upya. Nilipofika wodini na kurasa nne za moto, mkwe wangu alikuwa ananawa. Hakunikaribisha. Alizipokea, akatia wa tatu kwenye nailoni, akautundika peke yake, akarudi nyuma hatua mbili.

"Dawa ya homa, chupa ya kawaida," alisoma kwa sauti. Jina hilo nililiingiza ndani ya kichwa cha jedwali lenyewe, mstari wa juu, ili nalo lijirudie. "Uzito. Miligramu. Mililita." Kidole chake kiliteremka mpaka mwisho wa ukurasa, kikapapasa pale palipokuwa na Chupa Kali. Palikuwa wazi.

Alitundika wa nne, akausoma vile vile. Kisha wa pili. Kisha wa kwanza. Mimi nilisimama tu, kama mtoto anayesahihishiwa daftari.

"Bado nimekukasirikia," alisema mwishowe.

"Najua, mwanangu."

"Sitakuja Jumapili."

"Watoto je?"

Alinyoosha nailoni ya ukurasa wa tatu iliyokuwa imekaa upande. "Watoto watakuja. Na usiwategee kile kitendawili cha kofia. Nitawategea mwenyewe, kwanza waelewe mama yao alibebeshwa kosa gani."

Nyuma yetu mtoto wa kilo kumi na mbili alikuwa amekaa kitandani, anagonga kikombe kitupu kwenye chuma. Mkwe wangu akachukua chupa, akasoma jina lake, akasoma ukuta, akasoma chupa tena.