Herufi Kumi na Tano

Kazini walimwita Mkasi, kwa sababu hakuna sentensi iliyopita mikononi mwake ikatoka nzima. Kazi yake ilikuwa kutafsiri maneno ya filamu yanayosomwa chini ya picha, na Kiswahili, wacha wee, hakikubali kubanwa. Wale wa filamu wanasema neno moja dogo, sisi tunajibu kwa mstari mzima.

Asubuhi hiyo alikwama kwenye sekunde moja. Baba aliyemtelekeza mwanawe anasimama mlangoni, ananong'ona silabi tatu, kisha kijana anaanza kujibu papo hapo. Kwa kanuni ya kazi yao, sekunde moja msomaji hupewa herufi kumi na tano tu, nafasi na nukta zikiwemo. Mkasi aliandika: "Nisamehe mwanangu, nilikukosea." Thelathini na moja. Akakuna kichwa, akafuta, akaandika: "Pole, mwanangu." Kumi na tano kamili! Akapiga kofi mezani kwa raha.

Mhariri, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, alivuta kiti akatazama.

"Pole? Kwani huyo mtoto amejikwaa?"

Mkasi aliitupia simu yake jicho. Maneno hayohayo aliandikiwa na mdogo wake mwezi uliopita. Alikuwa ameigawa cherehani ya marehemu mama yao bila kumuuliza, na mdogo wake alipokasirika, akamtumia ujumbe: "Pole, mdogo wangu." Jibu likaja: "Pole ya nini? Kwani nimejikwaa?" Tangu hapo, kimya. Mkasi alijiambia ni kununa tu, kutaisha. Lakini kila jioni alikuwa akiichungulia simu, na iliuma.

"Ndiyo inayoenea, mama," alijitetea.

"Inaenea, lakini haikubali kosa. Pole hata mpita njia anakupa. Aliyekosa ni nani hapo?"

"Baba."

"Basi mtaje. 'Mwanangu' toa, mtoto si tunamwona?"

Mkasi aliirudia sentensi yake ya kwanza. Akakata "nisamehe", akakata "mwanangu". Likabaki neno moja: "Nilikukosea." Kumi na mbili. Aliyekosa yumo, aliyekosewa yumo, kosa limo, na nafasi ya herufi tatu imebaki. Akaichezesha filamu. Neno likatokea, likasomeka, likaondoka kabla kijana hajafungua mdomo.

"Hapo sawa," mhariri akasema, akaenda zake.

Mkasi alichukua simu. Akaandika neno lile, kisha akaongeza kwamba cherehani ilikuwa mbovu, kwamba aliyepewa ana shida, kwamba yeye ndiye mkubwa. Akasoma. Akaona haya, akakata yote aliyoongeza. Akatuma: "Nilikukosea."

Alikuwa amesharudi kwenye filamu simu ilipotikisika.

"Endelea," mdogo wake aliandika.

Mkasi akatoka koridoni, akampigia, na safari hii hakuhesabu.