Betri ya Pili

Nilimwamkia kwanza. Adabu ni adabu, hata kwa mtu ambaye umemwekea kisasi moyoni miaka yote.

"Shikamoo, Mwalimu Suud."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chuoni kwetu."

Hakunitambua. Nilisoma chuo hicho hicho cha ufundi, upande wa Mtoni, nikakaa mbele yake mwaka mzima, naye ananikaribisha kama mgeni wa harusi. Nilitabasamu, nikavuta kiti, nikapokea kikombe cha chai na visheti. Visheti vilikuwa vizuri, sitawadhulumu.

Chuo hicho kina desturi yake. Kabla ya mtihani kwenda kwa wanafunzi, kila mwalimu huleta maswali yake pamoja na majibu aliyoyakokotoa, na mkaguzi kutoka nje huyapitia mbele ya walimu wote wa idara. Safari hii mkaguzi nilikuwa mimi, Ulfat. Na kila aliyekuwamo chumbani alijua kwamba kikao kikimalizika, mkuu wa chuo, Bi Zuleikha, atapeleka jina la Suud awe mkuu wa idara ya umeme. Kiti hicho ndicho nilichokifuata. Sikukitaka mimi. Nilitaka asikipate yeye.

Sababu yangu ilikuwa swali moja. Saketi yenye betri mbili, moja ya volti ishirini na nne na nyingine ya volti kumi na mbili, kila moja imepita kwenye rezista yake inayozuia mkondo kidogo, zote zimeungana kwenye mzigo mmoja, yaani kifaa kinachotumia umeme. Mwanafunzi atafute mikondo, kisha aseme kila betri ina nguvu kiasi gani. Betri kubwa inaizidi ile ndogo, kwa hiyo mkondo unaingia kwenye betri ndogo kupitia upande wake wa chanya, vile vile kama betri ya gari inapochajiwa. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika hivyo: betri ya pili haitoi, inapokea.

Suud aliisoma karatasi yangu mbele ya darasa. "Huyu betri yake inakula umeme," alisema, na darasa zima likaangua kicheko. Akanisimamisha ubaoni, akaniamuru niandike kwamba betri hutoa wala haipokei, kisha nisome. Nikasoma kwa sauti ya kukatika. Akasema, "Kwa sauti, binti. Nyuma hawasikii."

Tangu siku hiyo nikawa Bi Betri. Hata kwenye harusi yangu kuna aliyeniita hivyo, na mashoga zangu wakacheka hadi wanja ukawatoka. Lakini jina si kitu. Katika somo lile nilianguka, nikarudia mwaka, na nafasi yangu ya chuo kikuu Bara akapewa mwengine. Nilijua jibu langu ni sahihi, ila sikujua namna ya kulisimamisha mbele ya mtu mwenye chaki.

Namna hiyo nilikuja kuifahamu baadaye, nilipokwisha kufika huko Bara kwa kuchelewa. Saketi ukishaikokotoa, unaipima. Jumla ya nguvu inayotolewa lazima iwe sawa na jumla ya nguvu inayopokewa. Zikitofautiana, kuna mahali umekosea, na hapana cheo kitakachokuokoa.

Basi bahasha ya mitihani iliponifikia nyumbani, mtaa wa Malindi, nikaifungua na kulikuta swali lile lile, betri zile zile, na jibu lile lile la Suud, nilicheka peke yangu jikoni. Mume wangu, Badar, akaja kutazama kuna nini. Nikamwonyesha.

"Mpigie simu arekebishe," alisema. "Yatakwisha kimya kimya."

"Sitaki yeshe kimya kimya."

Alinitazama, akarudi zake sebuleni. Ananijua.

Kikao kilipofika kwenye swali hilo, nikaweka kikombe chini.

"Mwalimu Suud, nnaomba utupimie majibu haya kwa mizani ya nguvu. Hapo ubaoni, sote tuone."

"Hili swali nnalitoa miaka yote, Bi Ulfat. Halina tatizo."

"Basi halitatuchukua muda."

Bi Zuleikha akaitikia kwa kichwa. Suud akainuka, akachukua kalamu ya ubao, akachora saketi yake. Mkono wake mzuri, sikatai. Akaandika: betri ya kwanza, volti ishirini na nne mara ampea tatu, wati sabini na mbili. Betri ya pili, volti kumi na mbili mara ampea moja, wati kumi na mbili. Jumla inayotolewa, themanini na nne. Kisha akaja kwenye rezista: kumi na nane, na sita, na mzigo thelathini na sita. Jumla inayopokewa, sitini.

Akasimama. Akajumlisha tena. Sitini ikabaki sitini.

Ilikuwa raha, na sitajifanya kwamba haikuwa raha. Aliipitia rezista moja moja kutafuta kosa pasipo na kosa, na jasho likaanza kumtoka chini ya kofia.

"Nyengine inapotea kwenye waya," alisema mwishowe.

"Waya zipi? Kwenye mchoro wako hazina ukinzani hata kidogo."

Mwalimu kijana aitwaye Amour, aliyekaa karibu na dirisha, alikohoa kuficha kicheko. Nilisikia kicheko kile kama malipo ya kwanza.

"Pengo ni wati ishirini na nne," nikasema. "Mara mbili ya zile kumi na mbili za betri ya pili. Kitu ukikihesabu upande usio wake, pengo huwa mara mbili yake. Tazama mkondo wa betri hiyo ulipoutafuta. Ulipata ngapi?"

Akatazama karatasi yake. "Hasi moja."

"Na kwenye nguvu umeandika moja tu. Ile alama imekwenda wapi?"

"Alama ni mwelekeo tu, Bi Ulfat."

"Ndiyo. Mwelekeo ndio unaosema nani anatoa na nani anapokea."

Suud akaurudia ubao. Akafuta zile kumi na mbili upande wa kutolewa, akazipeleka upande wa kupokewa. Sabini na mbili huku. Sitini na kumi na mbili kule, sabini na mbili. Mizani ikakaa sawa, na kila mtu aliiona.

"Mwanafunzi aliyeandika kwamba betri inapokea," nikauliza, "ulikuwa ukimpa nini?"

"Sifuri," alisema, kwa shida.

Bi Zuleikha akafunga faili lenye jina la Suud, akaliweka chini ya kiti chake. "Suala la uongozi wa idara litangoja," alisema. "Na karatasi za zamani zilizohifadhiwa zitasahihishwa upya. Mwalimu Suud utazisahihisha mwenyewe."

Suud akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo liliniudhi zaidi. "Wewe nshawahi kukufundisha?"

Hapo ndipo nilipoumia kwa mara ya pili. Mwaka wangu wote, jina langu, harusi yangu, na mtu huyu hakubakiwa na hata chembe yake.

"Unifundishe, usinifundishe, si hoja," nikasema. "Andika jibu sahihi, Mwalimu. Kwa maneno. Kisha utusomee, liingie kwenye kumbukumbu za kikao."

Aliandika taratibu: betri ya pili haitoi, inapokea. Akasoma huku ameuelekeza uso ubaoni, sauti imemkauka.

"Kwa sauti," nikasema. "Nyuma hawasikii."

Kalamu ikasimama mkononi mwake. Akageuka polepole, akanitazama usoni, na safari hii alinijua.

Kisha akasoma tena, kwa sauti.