Ahadi ya Miezi Mitatu

Kazi yangu ni kuuliza bei. Kila wiki ya kwanza ya mwezi nazunguka mjini na tableti ya ofisi ya takwimu, naandika bei za vitu vilevile katika maduka yaleyale. Sukari ya kilo, sabuni ya mche, shati jeupe la shule. Na kabati la milango mitatu, mbao ngumu, kioo ndani. Hilo naliandika kwenye duka la dada yangu, ofisi ilinipangia duka hilo kabla sijaomba. Nyuma ya duka ndipo karakana ilipo, na baba watoto wangu ndiye msimamizi wa mafundi. Mafundi kumi na mmoja, yeye wa kumi na mbili.

Mwaka juzi kabati lilikuwa laki sita. Mwezi ninaousimulia lilikuwa laki nne na nusu. Si kabati tu. Shati limeshuka, sabuni imeshuka, hata kodi za vyumba zimeanza kushuka. Wanawake sokoni walikuwa wakinipungia mkono kana kwamba ni mimi ninayeshusha.

"Mama wa bei, endelea hivyohivyo!"

Mchumi wa ofisi yetu hakuwa akicheka. Ni mtu mfupi, anakula karanga kutoka mfukoni. Nilimuuliza kwa nini ananuna wakati watu wananunua kwa nafuu.

"Wananunua?" akasema. "Hebu angalia. Bei ikishuka kwa sababu mashine imekuwa nzuri au mavuno ni mengi, mimi nacheka na wewe. Hizi zinashuka kwa sababu watu hawanunui. Mwenye duka anapunguza bei, mteja anaona, anasema ngoja nisubiri itashuka tena. Akisubiri, inashuka kweli. Siku hizi hela iliyolala chini ya godoro inanenepa yenyewe. Nani ataitoa?"

"Benki Kuu ishushe riba."

"Imeshashusha mpaka sifuri. Chini ya hapo ni sakafu." Akanipa karanga tatu. "Na mwenye deni je? Deni halishuki, mama."

Hilo nililijua bila digrii. Dada alikopa benki akanunua mashine ya kukatia mbao. Rejesho la mwezi lilikuwa sawa na bei ya makabati sita. Sasa ni makabati manane, kwa tarakimu ileile kwenye karatasi. Na kuuza hata manne ilikuwa kazi. Benki ilikuwa imempa barua: asipolipa kwa miezi miwili, mashine wanabeba.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, tulimwita Mwezi Ujao. Kila mwezi alikuja, akafungua milango yote mitatu, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Zuri. Nitakuja mwezi ujao." Dada alimchukia kuliko benki.

"Ana hela," dada akaniambia. "Namjua. Mshahara wake haujaguswa. Anasubiri tu, kama paka mbele ya tundu la panya."

"Unamlaumu nini? Mwezi ujao ni rahisi zaidi. Hata mimi nahitaji kabati la wasichana, nasubiri."

Dada akanitazama. Sikuona aibu. Mwenye watoto watatu haoni aibu kwa laki.

Wiki hiyohiyo akatundika bango mlangoni, herufi nyekundu: NUNUA LEO. BEI YA KABATI IKISHUKA POPOTE MJINI NDANI YA MIEZI MITATU, TUNAKURUDISHIA TOFAUTI.

"Toa hilo bango," nikamwambia. "Nazunguka mji mzima. Kila mtu anashusha."

"Wanashusha kwa sababu watu wanasubiri. Mimi nimeondoa sababu ya kusubiri. Wakinunua, bei itasimama. Wewe kaa na tableti yako, shemeji yangu huko nyuma anahitaji kazi."

Nilimwambia mchumi nikitegemea acheke. Akaacha kutafuna.

"Dada yako ana akili. Ndicho Benki Kuu inachojaribu kuwafanya watu waamini, kwamba bei hazitashuka, na haiwezi. Ila yeye ni duka moja, mama. Ni sawa na mtu kushika mlango wa nyumba inayoanguka."

Na ilifanya kazi. Siku ya tatu Mwezi Ujao akalipa taslimu. Akawaambia walimu wenzake. Mwezi haujaisha, yameuzwa makabati thelathini. Mimi nikanunua la thelathini na moja, nikaiweka risiti kwenye pochi. Karakana ikawa na kelele tena. Baba watoto alirudi nyumbani na vumbi la mbao kwenye nyusi, anaimba. Dada akalipa rejesho na lile lililochelewa, na hela iliyobaki yote akanunua mbao za makabati arobaini.

Duka la samani la karibu na kituo cha mabasi nalo lilikuwa na deni lake benki. Halikuuza kitu mwezi huo, maana wateja wote walikuja kwetu. Likabanwa, likaamua kumwaga mali: kabati lilelile, laki tatu na themanini elfu. Niliandika mwenyewe ile bei. Nilisimama pale na kidole juu ya kioo cha tableti, nikajua tumekwisha.

Mwezi Ujao ndiye aliyefika wa kwanza na risiti. Kwa adabu kabisa.

"Samahani, dada. Si mimi, ni bango."

Elfu sabini. Dada akahesabu, akampa. Kesho yake wanne, kesho kutwa tisa. Elfu sabini mara thelathini na moja, na hela yenyewe imeshakuwa mbao, mbao ambazo muuzaji wake sasa alikuwa akiziuza kwa theluthi mbili ya bei. Na dada hakuweza tena kuuza kwa nne na nusu, nani angenunua? Mishahara ya mafundi ikakatwa nusu. Mafundi hao ndio waliokuwa wakinunua viatu, nyama na shati jeupe la shule. Mwezi uliofuata shati lilishuka. Niliandika.

Mwisho wa mwezi wa tatu tangu ninunue kabati, baba watoto alikuwa hajalipwa kitu. Shule ikaturudishia binti wa kati na karatasi ya ada. Ada haikuwa imeshuka.

"Ile risiti," baba watoto akasema, akitazama sakafu. "Imebaki na siku mbili."

"Ni dada yangu."

"Najua ni dada yako. Mimi nitaenda?"

Nikaenda mwenyewe. Dada alikuwa peke yake dukani, ameketi kwenye kitanda kisichouzwa. Niliweka risiti mezani. Aliisoma kana kwamba hajawahi kuona mwandiko wake.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, dada."

Akafungua droo. Zilikuwepo elfu sabini na sarafu chache. Alizisukuma kwangu, akazibakiza sarafu, kisha akacheka kidogo. "Wewe ulisema nilitoe bango. Ungesema kwa sauti."

Mashine ilibebwa Jumatatu. Mafundi kumi na mmoja walisaidia kuipakia, wa kumi na mbili alishika mlango wa nyuma wa gari usigonge ukuta.

Wiki ya kwanza ya mwezi nilifika na tableti. Mlango una kufuli, bango bado liko. Tableti haikubali nafasi tupu, inauliza sababu: bidhaa imeisha, duka limefungwa kwa muda, duka limefungwa kabisa. Nikabonyeza ya tatu. Ikaniambia nichague duka mbadala lililo karibu.

Kwenye duka la kituo cha mabasi kabati lilikuwa laki tatu na ishirini. Niliandika. Jioni redio ikatangaza takwimu zetu: samani zimeshuka tena, nafuu kwa wananchi. Baba watoto alikuwa kwenye kiti, mchana kutwa hajatoka.

"Zimeshuka," akasema.

"Nimesikia," nikasema, nikaizima.