Kamba ya Nusu Urefu

Afisa afya alikuwa amehutubia mikutano mingi, lakini leo alijikuta akimtazama mtu mmoja tu. Kaka yake alikuwa kwenye kiti cha mbele, miguu ameinyoosha, chupa kubwa ya maji imelala mapajani. Ilikuwa ya pili tangu afike. Wifi yake alikuwa amemnong'oneza mlangoni kwamba usiku mtu huyo haachi kwenda chooni, na ukimtajia kupima sukari anakuwa mbogo.

"Mizani inasema ukweli, lakini nusu," alianza. "Inakupa uzito wako wote. Haikuambii kipi ni misuli, kipi ni mafuta, wala mafuta hayo yamekaa wapi. Ya mapajani hayana madhara makubwa. Ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayovuruga kazi ya insulini, yakapandisha sukari na presha."

"Mimi nina kilo sabini," kaka yake akadakia, akiwageukia watu. "Sabini tangu siku ya harusi yangu. Mdogo wangu huyu anataka kunitia ugonjwa kwa nguvu."

Ukumbi ukacheka. Afisa afya naye akatabasamu, ila macho yake yalikuwa kwenye mikono ya kaka yake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na zamani mikono ile ilijaza mashati. Sasa mikono ya shati ilimpwaya, huku vifungo vya tumboni vikivutana. Kilo zilikuwa zilezile. Zilichofanya ni kuhama.

Muuguzi akagawa kamba. Kila mtu alipimwa urefu wake, kamba ikakatwa, kisha ikakunjwa katikati. Kamba hiyo iliyokunjwa ikizunguka kiuno na ncha zikakutana, mambo ni mazuri. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na mtu huyo apime sukari na presha hata kama mizani inamsifu.

Fundi akasimama wa kwanza. Akaipitisha kamba palepale anapofungia mkanda, chini ya tumbo. Ncha zikagusana, akanyoosha mikono juu.

"Kesi imeisha," akasema. "Nani mwingine ana mashtaka?"

Walimpigia makofi. Afisa afya alijua kwamba akinyamaza, kaka yake atarudi nyumbani na ushahidi wa kukataa vipimo mwaka mzima. Akisema, atamwaibisha kaka mkubwa mbele za watu, na mtu yule akishaondoka kwa hasira hashikiki.

"Kaka, hapo umepima suruali," akasema. "Tafuta ubavu wa mwisho chini, tafuta na mfupa wa nyonga juu. Kamba ipite katikati ya hapo. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo."

Kicheko cha safari hii kilikuwa na meno. Fundi akaipandisha kamba. Kati ya ncha na ncha pakabaki pengo la kiganja kizima. Akaiachia ikaanguka, akachukua chupa yake, akaelekea mlangoni.

Dada yake hakumfuata. Miguu ilitaka, lakini watu walikuwa bado na kamba mikononi.

"Waliocheka nao wapandishe," akasema, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyokusudia. "Nimewaona. Wanaume karibu wote mmepima kwenye mkanda."

Wakapandisha. Kicheko kikafa safu baada ya safu. Kinyozi, aliyecheka kuliko wote, alivuta kamba yake kama anayefunga mzigo, lakini ncha hazikukutana.

"Sasa, Fundi," akaita kuelekea mlangoni, "mbona unaniacha peke yangu? Rudi tukatobolewe vidole, tupimwe sukari pamoja."

Fundi alikuwa amesimama kizingitini, mgongo kwa ukumbi. Akageuka taratibu.

"Tangulia wewe," akamjibu kinyozi. "Nione kama utalia."

Kinyozi hakulia, na sukari yake ilikuwa sawa. Fundi akaketi, akampa muuguzi kidole huku akiangalia dari. Mashine ikaonyesha kumi na nane nukta mbili. Muuguzi akamgeuzia afisa afya mashine aone.

"Ni mbaya?" fundi akauliza kwa sauti ya chini.

Dada yake alitafuta neno laini, akaliacha. "Imepanda sana. Kumi na moja tu, kwa mtu mwenye kiu kama yako, tayari ni kisukari. Daktari atathibitisha na kuangalia kama kuna hatari ya haraka. Ni leo, Kaka, si kesho."

"Lakini sabini ni sabini," fundi akasema, si kwa ubishi tena, bali kama mtu anayeomba aelezwe upya.

"Ni sabini. Mizani haikukudanganya. Ila swali lenyewe, mafuta yamekaa wapi, si la mizani kujibu."

Fundi akajifuta tone la damu kidoleni. "Basi twende. Wifi yako utamwambia wewe, maana mimi nilimwapia kwamba sina kitu."

Afisa afya akamkabidhi muuguzi kazi iliyobaki, akamshika kaka yake mkono. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani.