Kidole cha Celestin kwenye Hesabu za Benki

Pelagia alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali mjini Mpanda, mama yake akisubiri kuitwa kwa daktari wa macho, simu ilipoanza kulia. Aliyepiga ni Celestin, katibu wa ushirika wao wa wafuga nyuki kule Inyonga, na alikuwa anahema.

"Dada, mkutano umeanza."

"Mkutano gani? Si Jumamosi?"

"Afisa ushirika kasema Jumamosi ana safari, kausogeza leo. Sasa wewe mhasibu haupo, na huku kumewaka moto. Mzee Ngolo anasema umeiba."

Hebu fikiria. Umeamka salama, umemwogesha mama yako, umepanga foleni kama raia mwema, halafu saa nne asubuhi unaambiwa umeiba. Pelagia alisimama, akakaa, akasimama tena. Miaka saba alikuwa anashika hesabu za ushirika ule na hajawahi kula hata shilingi ya soda.

"Nimeiba nini?"

"Milioni mbili na nusu na ushee."

Celestin akaeleza. Afisa alitaka kuona hesabu za Septemba. Karatasi zote zilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati, kama kila mtu ajuavyo, unakaa kwenye pochi ya Pelagia. Ngolo, mwanachama mkongwe mwenye mizinga na ng'ombe, alitaka wavunje kufuli, lakini mwenyekiti, Mzee Manyanda, alikataa katakata, kabati lenyewe ni la mkopo. Ndipo Celestin alipokumbuka picha. Siku mwenyekiti aliposaini ule usuluhishi wa hesabu za benki wa Septemba, karatasi inayolinganisha salio la benki na la kitabu chao, alikuwa na kalamu mpya, na Celestin, ambaye hupiga picha kila kitu mpaka sahani ya ugali, alipiga picha karatasi ile na kalamu ikiwa juu yake.

"Sasa kwenye picha," Celestin akasema, sauti ikishuka, "juu imeandikwa salio la benki milioni ishirini na moja laki nne na sitini. Chini salio la kitabu cha fedha milioni kumi na nane na laki tisa. Mzee Ngolo kasema benki ina hela nyingi, kitabu kina hela kidogo, iliyozidi iko kwako."

"Na katikati je? Si kuna maelezo katikati?"



"Katikati kuna kidole changu, dada."

Afisa alikuwa amesema hivi: mhasibu apewe nafasi. Aisome picha hiyo hiyo, aorodheshe hundi ambazo zilikuwa hazijafika benki na fedha zilizokuwa njiani. Akiweza kufunga hesabu kabla yeye hajaondoka saa saba, sawa. Asipoweza, mkutano upige kura ya kumsimamisha kazi, na Ngolo alishakusanya mikono ya kutosha.

Picha ikaingia. Pelagia akaivuta kwa vidole, akaona kalamu kubwa kuliko maandishi, ukungu, na kidole gumba cha Celestin, kucha na yote. Akamwomba dada aliyekaa pembeni amwangalizie mama, akakodi bodaboda.

"Majengo, kwa Arcade. Kimbiza."

Arcade ana steshenari ndogo Majengo na mdomo mkubwa kuliko steshenari yenyewe. Aliitoa picha kwenye karatasi kubwa, akaiongezea mwanga, akaipunguzia kivuli, akasimama nyuma ya Pelagia kuitazama.

"Hicho kidole nacho kikubwa, jamani. Huyu mtu analima kwa mkono?"

"Huwezi kukifuta?"

"Naweza kukifuta, lakini chini yake hakuna kitu, mama. Kamera haikuona. Nikiandika namba pale itakuwa ya kwangu, na mimi sijui hela zenu."

Hilo lilikuwa jibu la mtu mwaminifu, na Pelagia alimshukuru kimoyomoyo huku akimlaani Celestin kwa sauti. Akaomba kalamu na kikokotoo. Alikuwa anakumbuka baadhi ya hundi, lakini wiki tatu zilikuwa zimepita, na kwenye hesabu ukikisia mara moja watu watakukumbusha mpaka unazikwa. Akaamua asiandike chochote ambacho macho yake hayakioni.

Akaanzia juu. Salio kwa mujibu wa taarifa ya benki, tarehe thelathini Septemba, 21,460,000. Chini yake, ongeza fedha zilizo njiani kwenda benki, 3,200,000. Hiyo aliikumbuka vizuri. Mnunuzi wa asali alilipa taslimu jioni ya tarehe thelathini, akaiingiza kwenye kitabu palepale kama inavyotakiwa, lakini tawi la benki yao liko Mpanda, na kutoka Inyonga hadi Mpanda si kuvuka barabara. Hela ilifika benki tarehe mbili Oktoba. Kitabu kilishaijua Septemba, benki ikaijua Oktoba. Jumla, 24,660,000.

Halafu, toa hundi ambazo hazijawasilishwa. Mistari minne. Namba 417, muuza ndoo za asali, 1,850,000. Namba 421, fundi wa mizinga, 640,000. Mstari wa tatu, kidole. Namba 425, usafirishaji, 900,000. Na jumla ya hundi zote, Mungu mkubwa, ilikuwa imeponea chini kidogo ya ncha ya kucha, inaonekana: 5,760,000.

"Arcade, nisomee hapa. Ni tano au tatu?"

Arcade akavaa miwani yake. "Tano. Tano, saba, sita."

Pelagia hakumwamini hivi hivi. Akachukua 24,660,000, akatoa 5,760,000. Kikokotoo kikaleta 18,900,000, salio la kitabu lilelile la chini. Basi ilikuwa tano kweli, na karatasi yake ilikuwa nzima. Akapumua mpaka Arcade akamuuliza kama anaumwa.

Sasa kidole. Akajumlisha hundi tatu zinazoonekana: 3,390,000. Akaitoa kwenye 5,760,000. Zikabaki 2,370,000.

Akaitazama namba ile. Ushirika ulikuwa umelipa wanachama wengi mwezi ule, lakini malipo ya kiasi hicho yalikuwa ya mtu mmoja tu, aliyeleta ndoo nyingi kuliko wote na kujisifu wiki nzima. Pelagia akajikuta anacheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akaegemea meza.

"Vipi tena?" Arcade akauliza.

"Subiri. Leo nitakuchekesha bure."

Akapiga simu ya mwenyekiti. Mzee Manyanda akaiweka sauti kubwa, na Pelagia akausikia mkutano mzima: viti vinavyoburuzwa, mtoto analia, na sauti ya Ngolo juu ya zote.

"Asituzungushe! Sisi tunafuga ng'ombe, tunajua kuhesabu!"

"Shikamooni wazee," Pelagia akasema. "Afisa, naomba nianze na fedha iliyokuwa njiani. Ni moja tu, milioni tatu na laki mbili ya asali. Mwenyekiti, benki si ilikutumia ujumbe tarehe mbili Oktoba?"

"Ilinitumia," Manyanda akasema. "Niliwasomea wajumbe wote. Mpaka Ngolo alipiga makofi."

"Hiyo benki ilikuwa haijaiona Septemba. Sasa hundi. Hundi tukishaiandika, kitabu chetu kinaihesabu imetoka. Benki haijui kitu mpaka mwenyewe aipeleke. Ndiyo maana benki ilionekana ina hela nyingi. Si zetu zile, zinawasubiri wenyewe."

Akazisoma moja moja, polepole, huku afisa akiandika. Ya ndoo. Ya fundi. Ya usafiri.

"Na iliyo chini ya kidole?" afisa akauliza.

"Milioni mbili, laki tatu na elfu sabini. Kiasi nimekipata kwenye hesabu, mtakihakikisha kwenye kishina kilichobaki kwenye kitabu cha hundi nikirudi. Lakini mwenyewe nadhani yupo hapo. Mzee Ngolo, baba yangu, shikamoo."



"Marahaba," Ngolo akajibu, kwa sauti ambayo Pelagia hakuwahi kuisikia.

"Ile cheki ya asali niliyokupa Septemba ilikuwa ya shilingi ngapi?"

"Hiyohiyo uliyosema."

"Uliipeleka benki?"

"Niipeleke kufanya nini? Si ulishanilipa?"

Mtu mmoja akaguna. Afisa akauliza kwa upole wa mtu anayejizuia, "Mzee, hiyo cheki iko wapi sasa?"

"Usevya."

"Inafanya nini Usevya?"

Ngolo akakohoa. "Imeoa."

Hapo mkutano ulilipuka. Ilichukua muda mzee kupata nafasi ya kujieleza, na alijieleza kwa hasira ya aibu. Kijana wake Masalu alikuwa anaoa Usevya. Ng'ombe wa mahari walipungua, na yeye Ngolo hakutaka kumtoa mtamba wake mzuri wakati ana karatasi yenye muhuri, sahihi mbili na jina lake. Akaipeleka ukweni mbele ya wazee. Wakaipitisha mkono kwa mkono, wakaisifia maandishi, wakaihesabu kuwa ng'ombe watatu. Baba mkwe akaiweka kwenye fremu, pembeni ya picha ya ubatizo.

Arcade alikuwa ameketi chini, sakafuni kabisa, ameshika tumbo. Pelagia naye machozi yalimtoka, ya kucheka, na mengine, tuseme ukweli, ya kushukuru.

"Baba," akasema alipoweza, "ile imechorwa mistari miwili, inaingia kwenye akaunti yako peke yako. Wakwe hawawezi kuitoa hela. Na haikai milele, ikipita miezi sita benki wanaikataa."

"Kwa hiyo mahari sijatoa?"

"Bado."

"Na mke yupo nyumbani kwangu, anapika!"

Viti vikaanguka kule Inyonga. Afisa akagonga meza, akatangaza kwamba hesabu zimefungana na hoja ya kumsimamisha mhasibu inahitaji mtu wa kuisimamia. Nani anaisimamia? Hakuna aliyeinua mkono. Ndipo Ngolo akasema naomba niseme, na watu wakanyamaza, maana ni mkubwa pale.

"Mimi nilisema hela yetu imeshikwa na mtu," akasema. "Nilisema kweli. Nilikosea mtu. Pelagia, mwanangu, nisamehe, nimekudhalilisha mbele za watu."

Hakutafuta maneno mengine, na Pelagia hakuyahitaji. "Yameisha, baba."

"Hayajaisha. Utarudi lini?"

"Kesho, daktari akimaliza na mama."

"Basi kesho kutwa twende wote Usevya. Mtamba na wenzake wawili nitawaswaga mwenyewe. Wewe kazi yako ni moja tu: kumweleza mkwe wangu, kama ulivyotueleza sisi, kwamba alichotundika ukutani si ng'ombe."